Vipimo vya Mama Vifungo

Fundi hakuwahi kutundika vipimo vya mteja ukutani. Mafundi wengine wa mtaa waliandika viuno vya watu kwa chaki kwenye mlango wa duka, kila mpita njia akasoma, na mama wa watu akija kuchukua gauni lake anakuta vijana wa kijiweni wanajua unene wake kabla hajasalimia. Yeye vipimo alivitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, pamoja na chaki bapa na kipande cha penseli kilichotafunwa. Mwili wa mtu ni siri ya mtu, alipenda kusema, na fundi ni kama daktari tu. Tofauti yao ni kwamba fundi akikosea anaweza kufumua.

Mkewe alikuwa akimcheka kwa maneno hayo. Mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, kwa sababu miaka yote ya ndoa yao Fundi alikata na kushona, na yeye akatia vifungo, akapiga pasi, akapokea wateja. Mdomo ulikuwa wake. Fundi aliweza kupitisha asubuhi nzima bila neno, ilhali Mama Vifungo angekuambia shati lako limekubana kwa sababu umeoa mpishi hodari, nawe ungetoka pale umelipa na umecheka.

Siku moja Mama Vifungo akateleza bafuni. Sabuni tu, sakafu imelowa, na nyonga ikavunjika. Madaktari wakamfungua, wakaufunga mfupa kwa vyuma, na baada ya siku kadhaa wakasema anaweza kwenda nyumbani kwa gongo la miguu minne, mazoezi, na sindano moja kila asubuhi kwa muda wa mwezi.

Muuguzi aliyewapa ruhusa alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, ambaye wagonjwa wa wodi ile walimwita Sista Polepole, maana neno hilo halikukauka kinywani mwake. Aliketi kitandani pembeni mwa Mama Vifungo, akafungua boksi la sindano zilizokwisha kujazwa dawa, akamwelekeza Fundi kwa vitendo. Dawa hii inaitwa heparini, alisema. Mtu aliyevunjika nyonga halafu akalala sana, damu yake hulala naye. Ikilala inaganda kwenye mishipa ya mguu, na bonge likibanduka linakwenda kuziba mapafu. Sindano hii inaizuia damu isigande ovyo. Kwa hiyo msiiruke. Mkiisahau asubuhi, mpigeni mnapokumbuka siku ileile, lakini kamwe msipige mbili kwa pamoja kufidia.

Kisha akampa karatasi. Ilikuwa ya wodi, imechapwa kwa Kiswahili chepesi, mistari imeachana. Sista Polepole aliisoma yote kwa sauti, kidole kikifuata neno kwa neno. Nawa mikono. Mgonjwa alale chali au aegemee. Chagua mahali ubavuni mwa tumbo, mbali na kitovu kwa upana wa vidole vitatu au zaidi, leo kulia, kesho kushoto. Usichome penye kovu wala palipovilia damu. Kiputo cha hewa kilicho ndani ya sindano kiache, usikitoe. Finya ngozi iwe mkunjo, ingiza sindano wima, yote, sukuma dawa taratibu, na usiuachie mkunjo mpaka umechomoa. Usisugue. Pakitoka damu, bonyeza kidogo kwa pamba.

Halafu akaingia kwenye michubuko. Alama ndogo za bluu au zambarau pale sindano ilipoingia ni za kawaida, msiogope. Lakini zikipanuka na kusambaa, au zikitokea mahali ambapo hamkuchoma, au mama akitoka damu puani isiyokoma, au fizi, au haja ndogo ikawa nyekundu, au choo kikawa cheusi kama lami, au akianguka na kugonga kichwa, mleteni. Na upande wa pili wa karatasi: mguu mmoja ukivimba, ukiuma au kupata joto, msiukande, mleteni. Pumzi ikimkatika ghafla au kifua kikichoma, mleteni muda huohuo. Asimeze dawa yoyote ya maumivu ambayo hatukumwandikia, wala asipakwe dawa za kuchua.

Mama Vifungo wakati huo alikuwa amejifunika kanga usoni. Mwanamke huyu aliyeishi na sindano mkononi hakuweza kutazama sindano ikiingia mwilini mwa mtu. "Nikumbusheni mkimaliza," alisema kutoka chini ya kanga. "Mimi nipo nipo tu."

Fundi alichoma ya kwanza mbele ya muuguzi, mkono ukiwa imara kama anapasua tundu la kifungo. Sista Polepole akasema hajawahi kuona mwanafunzi wa namna hiyo. Kisha akamwambia jambo ambalo alikuwa akiwaambia wote: "Baba, karatasi hii ibandike ukutani, karibu na kitanda. Kila atakayemhudumia mama aisome. Si wewe peke yako."

Fundi akaitikia. Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

*

Asubuhi za mwanzo zilikuwa nzuri, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Fundi baadaye kuliko yote. Aliamka, akanawa mpaka viwikoni, akamfunua mkewe tumbo. Akapima kwa futi kamba kutoka kitovuni, akachora kwa chaki duara ambalo sindano haitakiwi kulivuka, na nje ya duara akatia vialama vya kulia na kushoto, kama anavyoweka alama za mifuko ya koti. Alama ya leo, alama ya kesho. Mama Vifungo chini ya kanga yake alisema kwamba miaka yote ameomba kushonewa gauni la maana, na sasa ndipo anapimwa.

"Kiuno kimeongezeka," alisema Fundi.

"Ni dawa zenu."

"Ni chapati zako."

Akafinya, akachoma wima, akasukuma taratibu, akachomoa. Hakugusa tena pale mahali. Sindano iliyotumika aliitumbukiza kwenye kopo gumu la rangi lenye mfuniko wa kukaza, akaliweka juu ya kabati. Alama za zambarau zikaanza kutokea, ndogondogo, kila moja kama kifungo cha shati, na Fundi akaitoa karatasi mfukoni, akasoma mstari unaosema ni za kawaida, akairudisha.

Wiki ya pili akaja Dada, mkubwa wa Mama Vifungo. Alikuwa amewalea wadogo zake wote baada ya mama yao kufariki, na mikono yake ilikuwa inajua miili ya ndugu zake kuliko wenyewe. Alistaafu upishi wa shule ya bweni, akawa na magoti mabovu na chupa ya dawa ya kuchua isiyomwacha, ile kali ya wachezaji mpira, ambayo harufu yake hutangulia mtu chumbani. Siku aliyofika, nyumba nzima ilinuka magoti ya Dada, na Mama Vifungo akasema sasa hata mbu watahama.

Kuja kwake kulikuwa ni nafuu. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na Fundi alikuwa na sare za watoto zimerundikana dukani mpaka dirishani, kona ya pili kutoka nyumbani. Alimwachia Dada kupika, kuogesha, kumsimamia mgonjwa atembee na gongo lake mpaka mlangoni na kurudi. Sindano, hapana. Sindano ilikuwa kazi yake. Dada alipouliza kuna masharti gani, akamwambia asiwe na wasiwasi, yote anayo yeye. Akaligusa shati lake mfukoni. Lilikuwa tumbo la mkewe, na hakuona sababu ya kulibandika ukutani ambapo kila jirani aliyekuja kumpa pole angelisoma.

Jioni ya kwanza Dada alipomwogesha mdogo wake, akaliona lile tumbo.

Hakusema mbele ya Fundi. Alimwambia mdogo wake kwamba mumewe anamtoboa kama gunia la mahindi, na kwamba damu iliyovilia lazima itawanywe, isipotawanywa inakuwa jipu. Mama Vifungo alimweleza kwamba Sista alikataza kusugua. Baada ya kuchoma, Dada akauliza, au siku zote? Mama Vifungo akafikiri. Siku ile wodini alikuwa chini ya kanga. Alilokumbuka ni kwamba ukishachoma usisugue, na Fundi huchoma asubuhi, na sasa ni jioni. Isitoshe alikuwa amechoka kulala chali, mwili umekakamaa, na mikono ya dadake ilikuwa mikono ileile iliyomkanda utotoni alipoumwa tumbo. Akamwachia. Wala hakutaka Fundi ajue, maana Fundi alijivunia kazi yake kuliko suti yoyote aliyowahi kushona, na kumwambia kwamba inahitaji kurekebishwa kila jioni kungekuwa kumvunja moyo.

Kwa hiyo kila jioni, Fundi akiwa bado dukani, Dada alimimina dawa ya kuchua kiganjani, akalikanda tumbo la mdogo wake kwa nguvu na kwa mapenzi.

*

Alama zikaungana. Kwanza mbili, kisha upande wote wa kulia ukawa na doa moja jeusi lenye kingo za njano, halafu doa likashuka kuelekea kwenye kinena, mahali ambapo Fundi hakuwahi kuchoma. Alisimama na sindano mkononi asubuhi hiyo, chaki sikioni, hana pa kuchora. Harufu ya magoti ya Dada ilikuwepo chumbani kama kawaida, na kwa sababu ilikuwepo kila mahali haikumwambia kitu.

Akatoa karatasi. Zikipanuka na kusambaa. Au zikitokea mahali ambapo hamkuchoma.

Akapiga simu wodini. Sista Polepole akamuuliza maswali yake pole kwa pole. Mama ameanguka? Hapana. Anatoka damu popote? Hapana. Amemeza dawa nyingine? Hapana. "Mnapasugua?"

"Hapana, Sista. Hata kidole sigusi."

Alikuwa anasema kweli yake. Sista Polepole akasema basi ya leo asimpige, amlete.

Wakampeleka kwa gari la kukodi, Mama Vifungo kaegemezwa mito, Dada mbele na kapu la uji. Dada aliachwa kwenye benchi la nje, kwa sababu chumba cha daktari kilikuwa kidogo. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya usingizi, alilitazama tumbo muda mrefu, akarudia maswali yaleyale, na alipofika kwenye kusugua, Mama Vifungo alijibu mwenyewe kwamba mume wake akishachoma hapagusi kabisa, tena hupakwepa kama pasi ya moto. Nalo lilikuwa kweli. Daktari akanusa kidogo, akauliza harufu hiyo ni ya nini. "Ni dada yangu," alisema Mama Vifungo, "ana magoti." Daktari akaandika.

Akawaeleza kwamba dawa hii mara chache sana huweza kuharibu chembe za damu zinazosaidia kugandisha, na doa la namna hii linamlazimu azipime kabla ya kuendelea. Damu ikatolewa. Majibu yangetoka baada ya mwisho wa juma, mashine ya vipimo ilikuwa imelemewa. Mpaka hapo asichomwe. Atembee kwa gongo mara nyingi awezavyo, achezeshe nyayo, anywe maji. Na Fundi aiangalie miguu, na pumzi, kama ilivyo kwenye karatasi.

"Karatasi unayo?"

Fundi akaligusa shati. Anayo.

Njiani kurudi, Dada aliuliza wamesemaje. Fundi akasema wamesimamisha sindano kwanza. Dada akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa. Alikuwa amesema tangu mwanzo, ila hakusemea mahali pa kusikika. Fundi akaongeza kwamba akiona chochote kisicho cha kawaida amwite haraka. Dada akasema atamwita. Hakuuliza chochote ni nini, wala Fundi hakumwambia. Alikuwa na sare nyuma yake zilizomngoja na mke mbele yake aliyekuwa akimtania dereva, na aliona kwamba yeye mwenyewe atatazama, asubuhi na usiku, na inatosha.

*

Alitazama kweli. Asubuhi ya siku iliyofuata miguu yote miwili ilikuwa sawa. Usiku sawa. Asubuhi iliyofuata, sawa, na akaenda dukani mapema, kwa kuwa mwalimu mkuu mmoja alikuwa amemwambia watoto hawawezi kuingia darasani na nguo za nyumbani.

Mchana Mama Vifungo alilalamika kwamba shavu la mguu wa upande uliopasuliwa limekaza. Alikuwa ametembea sana na gongo, kama alivyoagizwa, mpaka mlangoni na kurudi, mlangoni na kurudi, akihesabu kwa majina ya wateja wasiolipa. Dada alilishika. Lilikuwa gumu, lina joto, limejaa kidogo kuliko la pili. Msuli, alisema. Alikuwa amekanda misuli ya wapishi wenzake miaka nenda miaka rudi, wanaosimama kwenye majiko tangu alfajiri, na anajua mguu uliochoka ulivyo. Nimwite shemeji? aliuliza. Mama Vifungo akasema asimwite mtu kwenye sare kwa ajili ya msuli.

Basi Dada akaketi kitandani, akauweka ule mguu mapajani mwake, akamimina dawa, akaanza kukanda kutoka kwenye kisigino kwenda juu. Walikuwa wanazungumza habari za marehemu mama yao, jinsi alivyokuwa akiimba vibaya. Mama Vifungo alicheka. Akasema hapo hapo, panasaidia.

Kisha akanyamaza. Dada akadhani amesinzia. Alipoinua macho alimwona mdogo wake ameketi wima, mkono umekamata kifua, mdomo wazi, anavuta hewa ambayo haiingii.

Mtoto wa jirani alitumwa mbio dukani. Fundi alikuja na futi kamba shingoni na sindano za kubania zimemjaa kwenye ukosi. Hakuna aliyemweleza la kufanya. Alikuwa analijua, lilikuwa mfukoni mwake. Gari likapatikana. Alimpakata mkewe kiti cha nyuma, midomo yake imegeuka rangi ya madoa ya tumbo lake, na njia nzima alimwambia apumue, polepole, apumue. Mama Vifungo alimtazama kwa macho makubwa. Alikuwa anataka kusema kitu, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Fundi ndiye aliyekuwa akizungumza peke yake.

Walipomshusha kwenye machela alikuwa hana mapigo. Walimbonyeza kifua muda mrefu, zaidi ya inavyofaa mume kutazama.

*

Mahali pa kungojea palikuwa na viti vya chuma vilivyounganishwa, mmoja akitikisika wote mnatikisika. Daktari wa dharura alikuja na kalamu. Alisema maneno ambayo Fundi aliyajua tayari: bonge la damu, kutoka mguuni, kwenda mapafuni. Kisha akauliza alikuwa anafanya nini mama kabla.

"Nilikuwa namkanda mguu," alisema Dada. "Ulikaza. Nilimkanda vizuri, kama nilivyokuwa namkanda tumbo kila jioni."

Alisema bila kuficha, kama mtu anayetaja wema wake ili uandikwe. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na harufu ilipanda kutoka kwenye mikono, si kwenye magoti. Daktari aliacha kuandika. Akamtazama Dada, kisha akamtazama Fundi, akafungua mdomo, na Fundi akatikisa kichwa kidogo sana, kama unavyomzuia mtu asikanyage kitambaa kilichotandazwa. Daktari akaufunga mdomo. Akasema poleni, akaondoka.

Viti vikatikisika. Dada ndiye aliyekuwa akitetemeka.

Kwa Fundi mambo yakajipanga yenyewe, kipande kwa kipande, yakashonana. Doa lililosambaa. Swali la Sista, na jibu lake. Sindano iliyosimamishwa kwa ajili ya jibu hilo. Mguu. Alijaribu kumchukia mwanamke aliyekaa pembeni yake, na kwa muda akafaulu. Lakini kila alipoufuata uzi wa chuki nyuma, mshono kwa mshono, aliukuta unaanzia kwenye mfuko wake mwenyewe. Mtu mmoja tu nyumbani alijua kwamba mguu uliovimba haukandwi. Aliambiwa abandike ukutani.

Siku mbili baada ya kuzika, akiwa ameketi kati ya wanaume waliokuja kumpa pole, simu ikalia. Ilikuwa sauti ndogo ya wodini. Sista Polepole alifurahi kumwambia kwamba chembe za damu za mama ziko sawa kabisa, hazina tatizo, kwa hiyo anaweza kuendelea na sindano. Fundi akasema asante. Sista akauliza mama anaendeleaje. Fundi akasema amepumzika, akakata.

Dada alikuwa amebaki kupikia wageni. Chupa ya dawa ya kuchua haikuonekana tena. Magoti yalimuuma akitembea kama anayekanyaga misumari, na hakuyapaka kitu. Aliosha mikono mara nyingi. Usiku mmoja wageni walipopungua alimfuata Fundi chumbani, akasimama mlangoni, hakuingia. Alitazama juu ya kabati, ambapo boksi la sindano zilizobaki lilikuwa bado limewekwa pamoja na kopo la rangi.

"Shemeji, ile karatasi mliyopewa hospitali," alisema. "Ilisema kitu kuhusu kukanda?"

Fundi alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu kwenye viti vya chuma. Angeweza kuitoa. Mistari iliachana, maneno makubwa. Dada angeisoma yote kwa pumzi moja. Na akishaisoma angemuuliza, kwa nini hukunionyesha? Kisha wangebaki wawili, kila mmoja na mauaji yake, na hakuna hata mmoja mwenye nguvu ya kumbeba mwenzake.

"Haikusema," alisema.

"Ingesema ungenionyesha."

"Ningekuonyesha."

Dada akaendelea kusimama. Aliitazama mikono yake, ndani na nje. Hakuonekana mtu aliyepona, wala aliyeamini. Akasema uji wake upo jikoni usipoe, akaenda.

Usiku uleule Fundi alichukua koti lake la kuvaa kwenye misiba na harusi, akalifumua bitana upande wa kifua. Alifumua kwa uangalifu, uzi mzima ukatoka bila kukatika. Akaikunjua karatasi. Kwenye mkunjo palikuwa na vumbi jeupe la chaki, chaki ya tumbo la mkewe, na hakulipangusa. Aliilaza kati ya kitambaa na bitana, akaishona kwa mshono mdogo usioonekana, ule ambao Mama Vifungo alikuwa akisema hata malaika hawezi kuuona. Alijua anachofanya. Alikuwa anaificha mara ya pili, pale pale alipoificha mara ya kwanza.

Alilivaa asubuhi ya kumsindikiza Dada stendi. Abiria walipoanza kupanda, Dada aliweka chini kapu lake, akamkumbatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamlalia kifuani na uzito wake wote wa mwanamke aliyelea watu akawazika. Karatasi ikalia ndani ya koti, chakacha kavu.

Dada akatulia. Kiganja chake, kilichooshwa mpaka kikapauka, kikapanda taratibu mpaka juu ya mfuko, kikabonyeza. Ikalia tena.

"Una nini humu ndani, shemeji?"

"Kanvasi," alisema Fundi. "Ya kukazia kifua cha koti."

Dada alikuwa shemeji wa fundi, dada wa Mama Vifungo. Alikuwa ameshika makoti mengi ya nyumba ile, na alijua kanvasi inavyolia. Kiganja hakikuondoka. Kilibaki pale, kimetulia, bila kusugua, mpaka kondakta alipopiga kelele kwamba gari linaondoka.